Kazi ya mteja kwenye potifolio wakati mkataba una kifungu cha usiri: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wabunifu wa programu za simu, tovuti na nembo wanaofanya kazi kwa kandarasi. Mfano nitakaourudia ni kazi yangu mwenyewe: skrini za programu ya simu ya chama kimoja cha akiba na mikopo, Nairobi. Kazi hiyo niliipata kupitia wakala wa matangazo, na mkataba niliosaini ulikuwa wa wakala, si wa chama. Mimi ni mbunifu, si wakili. Nikitaja sheria bila kusema ya wapi, ni ya Kenya.

Mkataba wangu hautaji potifolio popote. Si ina maana niko huru?

Hapana. Mikataba mingi haina neno hilo kabisa, lakini inakuzuia kwa njia nyingine. Usomapo, tafuta sehemu tatu, kwa sababu mara nyingi zimetawanyika kurasa mbalimbali na kila moja inazuia kitu tofauti.

Ya kwanza ni kifungu cha usiri. Usianzie pale kinapokukataza, anzia kwenye tafsiri ya maneno mwanzoni mwa mkataba, palepale panapoeleza "taarifa za siri" ni zipi. Kuna mikataba inayosema ni taarifa ulizopewa na mteja tu. Mingine inaongeza maneno machache yanayobadilisha kila kitu: "pamoja na chochote kitakachotayarishwa chini ya mkataba huu." Wangu ulikuwa nayo. Kwa hiyo hata michoro iliyotoka kichwani mwangu ilikuwa siri ya mtu mwingine tangu siku nilipoichora. Angalia pia muda wake. Miaka 2 hadi 5 baada ya kazi kuisha ni jambo la kawaida; wangu ulikuwa miaka 3. Usipokuta muda wowote, usijipe wako.

Ya pili ni umiliki wa kazi, ambao nitaueleza kwenye swali linalofuata.

Ya tatu ndiyo watu wengi hawaioni, kwa sababu hukaa karibu na mwisho, kati ya vifungu ambavyo msomaji aliyechoka huvipita: matumizi ya jina na nembo. Husema kwamba upande mmoja hautatumia jina, nembo au alama ya upande wa pili katika matangazo bila idhini ya maandishi. Potifolio yako ni tangazo lako. Hata kuandika jina la mteja kwenye orodha ya "niliowahi kuwahudumia" kunaweza kuangukia hapo, ingawa hujaonyesha hata picha moja.

Nimechora mwenyewe kila kitu. Hakimiliki si yangu?

Inategemea sheria ipi inaongoza mkataba. Kwa Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31, inaanza kwa kumpa mtunzi hakimiliki, kisha inasema kwamba kazi ikiwa imeagizwa na mtu mwingine, au imefanywa na mwajiriwa akiwa kazini, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au mwajiri, isipokuwa kama wenyewe wamekubaliana vinginevyo. Yaani mkataba ukikaa kimya, ukimya huo haukusaidii wewe.

Uingereza mambo yako kinyume: mbunifu wa kujitegemea hubaki na hakimiliki mpaka aihamishe kwa maandishi aliyoyasaini. Ndiyo maana anayefanya kazi na mteja wa London akichukua ushauri wa rafiki yake aliyefanya kazi Nairobi, au kinyume chake, anaweza kupotea kabisa. Tafuta kifungu kinachotaja sheria ya nchi gani ndiyo itakayotumika.

Kuna haki moja inayobaki kwako Kenya hata hakimiliki ikienda: kifungu cha 32 cha sheria hiyohiyo kinamlinda mtunzi asinyang'anywe sifa ya kuwa yeye ndiye aliyeitunga kazi. Hiyo ni haki ya kutambuliwa. Haikupi ruhusa ya kuchapisha kazi yenyewe, wala haifungui siri. Nimewaona watu wakiitumia kama ngao kwenye mabishano na wateja, na sijaona ikiwafaa.

Programu iko Google Play, kila mtu anaipakua. Siri iko wapi?

Hoja hii ina nguvu, ila haifiki mbali kama tunavyotaka. Vifungu vingi vya usiri huondoa taarifa ambazo tayari ziko hadharani bila kosa lako. Soma kama wako una maneno hayo.

Hata ukiwa nayo, kilicho hadharani ni kile tu anachokiona mwanachama wa kawaida akifungua programu. Katika kazi yangu, hizo zilikuwa skrini za kujiandikisha, kuona salio, kuomba mkopo na kulipa. Skrini za afisa mikopo anayekagua maombi hazikuwa hadharani. Wala michoro mitatu iliyokataliwa, wala maelezo ya mahojiano tuliyofanya na wanachama, wala hesabu ya wangapi waliishia njiani kabla ya kumaliza fomu. Na bahati mbaya, vitu hivyo ndivyo vinavyoonyesha fikra za mbunifu. Skrini iliyokamilika huonyesha rangi tu.

Kisha, kuwa hadharani kunaondoa kizuizi cha usiri peke yake. Umiliki na matumizi ya jina bado vipo palepale.

Nimuulize nani?

Muulize mliyesaini naye mkataba, hata kama unajua kabisa kwamba uamuzi uko kwingine. Mimi nilisaini na wakala, kwa hiyo nilianzia kwa wakala. Kumruka na kwenda moja kwa moja kwa mteja wake huonekana kama unamnyang'anya mteja, na mikataba mingi ya mawakala inakataza mawasiliano hayo kwa maandishi. Kuna wateja wengine ambao hawajui kama kazi ilitolewa nje ya wakala. Barua yako ndiyo itakayowafichulia.

Lakini ruhusa ya wakala peke yake haitoshi. Wakala naye amesaini na mteja, na hawezi kukupa haki ambayo hana. Muulize waziwazi: "Je, mkataba wenu na mteja unawaruhusu kunipa ruhusa hii, au inabidi tumwombe yeye?" Mkurugenzi wa wakala wangu alijibu kwamba hawana mamlaka hayo, na akajitolea kuipeleka barua yangu mbele. Hilo lilinisaidia zaidi kuliko kama angekubali haraka.

Jambo jingine ni cheo. Msimamizi wa mradi mliyezoeana akikuandikia WhatsApp "weka tu, hakuna noma", ana nia njema, lakini yeye si kampuni. Idhini itoke kwa aliyesaini mkataba au kwa mtu anayesema kwa niaba yake, kwa kawaida idara ya masoko ikishirikiana na ya sheria. Mwombe huyo rafiki akuelekeze mlango sahihi. Hapo ndipo urafiki unapofaa.

Ni wakati gani mzuri wa kuomba?

Kabla ya kusaini. Muda huo ukishapita, subiri programu izinduliwe, ankara ya mwisho ilipwe na watu wawe bado wanaifurahia kazi. Mwezi wa kwanza baada ya uzinduzi ni mzuri. Usiombe mkiwa mnadaiana pesa, maana ombi litageuka kuwa chambo cha mazungumzo ya malipo, na usingoje miaka miwili mpaka kila aliyekufahamu ameshahama.

Niandike nini hasa?

Kosa kubwa ni kuuliza swali pana: "Naomba kutumia kazi yetu kwenye potifolio yangu." Anayesoma hajui utaonyesha nini, wapi, wala utasema nini. Mtu wa sheria asiyejua atakubali nini hukataa, na kwa nafasi yake ni haki yake. Kwa hiyo usiombe ruhusa ya wazo, omba ruhusa ya ukurasa. Tengeneza ukurasa kamili jinsi utakavyoonekana, uhifadhi kama PDF, uzipe skrini namba, kisha uutume pamoja na barua fupi. Anayekubali anakubali kitu anachokiona.

Barua yangu ilikuwa hivi, nikiwa nimeondoa tu yanayowatambulisha. Iandike kwa lugha mliyotumia kwenye kazi:

"Mheshimiwa Mkurugenzi, salamu na pongezi kwa uzinduzi. Ninaomba idhini ya maandishi ya kuonyesha sehemu ya kazi niliyofanya kwenye programu ya wanachama. Najua kwamba kifungu cha usiri na kile cha matumizi ya jina vinahitaji idhini yenu kwanza, na sijachapisha chochote.

Nimeambatanisha ukurasa kama utakavyoonekana. Una skrini 6, zenye namba 1 hadi 6. Majina, namba za simu na kiasi cha fedha vyote ni vya kubuni. Utawekwa kwenye tovuti yangu peke yake. Mkitaka uondolewe wakati wowote, nitauondoa ndani ya siku 5 za kazi baada ya kupata barua pepe yenu.

Naomba mchague moja: (a) ukurasa wote pamoja na jina la chama, (b) ukurasa bila jina wala nembo, (c) kuonyesha ana kwa ana tu, bila kuchapisha, (d) hapana. Kama kuna skrini au sentensi ya kutoa, nitajieni namba yake nami nitaiondoa."

Hizo chaguo nne ndizo moyo wa barua. Mtu aliyepewa "ndiyo" au "hapana" huchagua ile isiyomletea matatizo. Akipewa ngazi, hutafuta ngazi anayoiweza. Na ile sentensi ya "sijachapisha chochote" humtuliza zaidi ya unavyodhani, mradi iwe kweli.

Idhini ikija kwa barua pepe inatosha? Sheria ya Kenya inayatambua maandishi ya kielektroniki, lakini mkataba wako unaweza kudai zaidi, kwa mfano barua iliyosainiwa na mkurugenzi. Tazama kifungu cha namna ya kupeana taarifa. Ikija, ihifadhi pamoja na ile PDF, si kwenye simu unayobadilisha kila mwaka.

Walijibuje kwako?

Ilichukua kama wiki tano, na nilikumbusha mara mbili. Idara ya sheria ilifuta skrini mbili. Moja ilionyesha jinsi mfumo unavyopanga kiwango cha mkopo, nyingine ilikuwa ya afisa anayekagua maombi yenye shaka. Ya pili niliitarajia. Ya kwanza ilinishangaza mpaka walipoeleza: mtu akijua kinachopandisha kiwango, atajua jinsi ya kudanganya. Walifuta pia sentensi moja niliyoipenda sana, iliyosema maombi yaliyokamilika yaliongezeka kwa asilimia fulani. Nilidhani asilimia ni sifa kwao. Kwao ilikuwa siri ya biashara, kwani mshindani angejua mwanzo walikuwa chini kiasi gani.

Walikubali jina, wakakataa nembo. Nikabaki na skrini 4 na jina lililoandikwa kwa herufi za kawaida. Pale palipokuwa na asilimia niliandika tulichofanya: fomu ilikuwa na hatua 9, tukaipunguza hadi 5 kwa kuacha kuuliza tena yale ambayo chama tayari kinayajua. Hiyo nayo niliwarudishia waione kabla ya kuchapisha. Sentensi mpya ni ombi jipya.

Wamenyamaza. Naweza kuhesabu kwamba wamekubali?

Hapana, na usiandike kamwe "nisipopata jibu ndani ya siku 14 nitachukulia mmeridhia." Mkataba unataka idhini ya maandishi, ukimya si maandishi. Kumbusha baada ya siku kumi hivi, ukiambatanisha ile PDF tena ili asihangaike kuitafuta. Mara ya tatu, punguza ombi: omba (c) peke yake. Mara nyingi jibu halikuja kwa sababu barua ilikwama kwa mtu asiye na mamlaka ya kusema ndiyo na asiyetaka lawama ya kusema hapana.

Nikiondoa jina na nembo bila kuomba, si yameisha?

Kuondoa jina kunatatua kifungu cha jina. Kama michoro yenyewe ni siri, bado umeitoa siri.

Na kuficha ni kugumu kuliko inavyoonekana. Kwenye jaribio langu la kwanza niliweka jina la kubuni, nikabadilisha kijani kuwa bluu, nikaona nimemaliza. Nikampa rafiki anayefanya kazi za benki, akakitaja chama chenyewe kabla hajafika skrini ya tatu. Namba ya malipo ilikuwa bado ipo chini ya skrini ya kulipa, na aina moja ya mkopo ilikuwa na jina ambalo hakuna chama kingine kinalitumia. Jaribu hivyo: mpe mtu wa sekta hiyohiyo, mwambie akisie. Akipatia, hujaficha.

Halafu kuna alama zisizoonekana. Faili inaitwa kwa jina la mteja, anwani ya ukurasa ina jina lake, maelezo mbadala ya picha yanamtaja, tabaka za faili ya Figma uliyoiacha wazi kwa yeyote mwenye kiungo bado zina majina ya asili. Picha yenyewe hubeba taarifa ndani yake. Hizo unaweza kuzifuta hivi:

```
exiftool -all= skrini-03.png
```

Watu huniuliza kuhusu ukurasa usioorodheshwa na mitambo ya kutafuta, wakitumia mstari huu:

```html
<meta name="robots" content="noindex">
```

Mstari huo unaiomba mitambo ya kutafuta isiorodheshe ukurasa. Yeyote mwenye anwani anaingia. Nenosiri ni bora zaidi kwa sababu linapunguza wanaoona, lakini kisheria kumpa mwajiri mtarajiwa nenosiri ni kumwonyesha mtu wa tatu. Vitu hivi ni vya kutimizia masharti baada ya kupewa ruhusa, kwa mfano chaguo (b). Havichukui nafasi ya ruhusa.

Kwenye mahojiano ya kazi nikifungua kompyuta tu, bila kuacha nakala?

Kama mkataba unakataza kufichua kwa mtu yeyote, mahojiano ni kufichua. Ndiyo sababu ya chaguo (c). Wengi waliokataa kuchapisha hukubali hilo. Kumbuka pia kwamba aliye upande wa pili wa meza anakupima. Ukimwonyesha siri za mteja wako wa jana, ameshajua utakavyomfanyia kesho.

Mteja amekubali. Data za watu kwenye picha za skrini?

Ruhusa ya mteja haihusu wanachama wake. Jina, namba ya kitambulisho na salio la mtu ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tanzania ina yake ya 2022. Usitie ukungu juu ya picha halisi, maana ukungu hafifu huacha tarakimu zikisomeka. Chora skrini upya kwa data ya kubuni.

Wamekataa kabisa. Nina nini cha kuonyesha?

Kwanza uliza kama katazo lina mwisho: "Naweza kuuliza tena baada ya muda gani?" Andika tarehe.

Halafu omba kitu kidogo kuliko picha: sentensi moja inayosema ulifanya nini na sekta gani, bila jina. "Nilibuni programu ya simu ya kuomba mikopo kwa taasisi ya fedha" ni sentensi ambayo wengi huiruhusu. Barua ya kupendekezwa nayo husaidia, kwa sababu hapo mteja anachagua mwenyewe aseme nini.

Ukitaka picha, tengeneza kazi ya kubuni inayotatua tatizo la jumla la namna hiyo, kwa mfano fomu ndefu ya mkopo kwenye simu yenye skrini ndogo, na uandike wazi kwamba ni ya kubuni. Anza kwenye karatasi tupu. Ukichukua faili ya mteja na kuipaka rangi nyingine, hiyo ni kazi ya mteja.

Nimeshaweka bila kuuliza, na sasa nimeogopa.

Iondoe leo, pamoja na nakala zake: Behance, LinkedIn, faili za Figma zilizo wazi, na ule ujumbe wa zamani uliojisifia nao. Angalia pia kama Wayback Machine imeihifadhi. Baada ya hapo una uamuzi mgumu kuhusu kumwambia mteja. Kama kulikuwa na data za watu au kitu ambacho hakijazinduliwa, mwambie, na ni vizuri kuongea na wakili kabla ya kuandika. Kama amekugundua yeye kwanza, jibu fupi: imeondolewa saa ngapi, ilikuwa wapi, ilikaa tangu lini. Usianze kubishana kuhusu hakimiliki kwenye barua hiyohiyo, na usiombe ruhusa humo.

Mkataba ujao niombe maneno gani?

Usiombe kifungu cha usiri kifutwe, hakitafutwa. Omba kifungu kidogo pembeni yake. Mimi hutumia hiki, na mara nyingi mteja hubadilisha idadi ya siku tu:

"Licha ya vifungu vya usiri na vya matumizi ya jina, Mbunifu anaweza kuonyesha kwenye tovuti yake na kwenye mahojiano skrini zinazoonekana na watumiaji wa kawaida, kuanzia siku 30 baada ya uzinduzi, bila data halisi za watumiaji, takwimu za biashara wala skrini za ndani. Mteja anaweza kudai kuondolewa kwa maandishi, na Mbunifu ataondoa ndani ya siku 5 za kazi."

Kama unafanya kazi chini ya wakala, mwombe aweke sentensi hiyo kwenye mkataba wake na mteja pia, la sivyo ya kwako itakuwa imetolewa na mtu asiyekuwa nayo.